Simu moja, mimi na Mchina wa vitambaa

Duka langu la mapazia liko Mbagala. Mzigo nauchukua Kariakoo, kwa Mchina ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye "bei" na "hakuna". Tunaongea kwa app ya kutafsiri, ile sehemu ya mazungumzo: upande mmoja kitufe cha kipaza sauti cha Kiswahili, upande wa pili cha Kichina, na katikati kuna Auto, inayosikiliza lugha zote mbili na kukisia nani anaongea.

Auto niliiacha siku ya pili. Duka la jirani lina spika inayotangaza bei kutwa, na app ikawa inamtafsiri mwenye spika badala yetu. Mimi nikijibu neno moja tu, "haya" au "ndiyo", inalisikia kama Kichina. Sasa nabonyeza kwa mkono, zamu yangu kwangu, yake kwake. Nikishabonyeza natulia kidogo mpaka ionyeshe inasikiliza. Zamani nilikuwa naropoka hapo hapo, maneno ya mwanzo yanamezwa.

Simu nayo nilikuwa naishika vibaya. Tundu la maiki liko chini, karibu na pa kuchajia, na kidole changu kilikuwa kimeliziba. Siku hizi naishika kwa pembeni, kama shibiri moja kutoka mdomoni, mgongo nimeupa ile spika.

Lakini kilichonisaidia kuliko vyote ni kusoma. App huandika kwanza ilichosikia, ndipo itafsiri. Siku moja nilisema "nataka jora ishirini", Mchina akanikodolea macho. Kutazama kioo, imeandika "nataka chora ishirini". Kumbe tafsiri haikuwa na kosa, sikio ndilo lililokosea. Nikarudia: "Nataka kitambaa cha pazia. Roli ishirini." Ikaandika sawasawa, akaenda stoo. Tangu hapo nasema sentensi fupi, moja moja, kwa mwendo wa kawaida. Kuvuta silabi kama unamfundisha mtoto kunaharibu zaidi, na nikikaa kimya katikati ya sentensi inadhani nimemaliza.

Kuna kosa ambalo hata kusoma hakulioni. Nilimwambia nitakuja kesho saa tatu. Neno lilisikika vizuri, kwenye kioo limekaa vizuri, nami nikafika asubuhi nikakuta kufuli. Alikuja saa tisa alasiri, amepanga mzigo wangu, anashangaa nilivyonuna. App ilikuwa imempa tatu ya saa yao, wasiohesabu kuanzia macheo kama sisi. Nilijaribu kuongeza "asubuhi", nikaogopa atanielewa usiku wa manane.

Kwa hiyo saa siisemi tena, naandika 9:00 kwenye karatasi na kuchora jua linachomoza. Bei vilevile tunaandikiana kwenye kikokotoo. Juzi nilipofika alikuwa ameshafungua, na yeye ndiye aliyenichorea jua la kesho yake.