Asilimia 11

Laptopu yangu ya kupigia muziki ilizimika saa nane kasoro dakika kumi, maharusi wakiwa bado njiani kutoka kanisani. Harusi ilikuwa Shinyalu, Kakamega, nyumbani kwa wazazi wa bwana harusi: mahema matatu, spika nne, miksa moja na jenereta ya kukodi iliyokuwa ikinguruma nyuma ya jiko.

Sababu niliijua kabla sijagusa kitu. Jikoni walikuwa wamechomeka birika kubwa la umeme la chai kwenye ekstensheni yangu. Birika la namna ile hula wati 2,000 na zaidi, na jenereta ndogo haina pa kuzitoa mara moja. Ilikoroma, balbu zikafifia kwa sekunde mbili, kisha zikarudi. Miksa ilivumilia. Laptopu haikuvumilia, maana betri yake ilikuwa imekufa zamani na nilikuwa nikiitumia kwa chaja tu, kama televisheni. Nilipoiwasha ikaniandikia:

```
Scanning and repairing drive (C:): 11% complete
```

Kidole huwa kinawasha hapo. Unataka kuizima kwa nguvu uanze upya. Lakini diski ya zamani, ile inayozunguka, inaweza kukaa kwenye asilimia moja nusu saa na isiwe imekwama. Taa yake ndogo ikimetameta, kazi inaendelea, na ukiikatiza wakati inaandika ndipo unapopoteza mafaili kweli. Nikaisukuma chini ya meza.

MC akaniinamia. "Fundi, magari yako pale kwa mti. Nikutafutie dakika ngapi?"

"Ishirini, mzee."

Akawatazama wapiga isukuti waliokaa kivulini na ngoma zao tatu, kubwa, ya kati na ndogo. "Hawa hawali stima," akasema, akaenda kuwaamsha.

Nilikuwa na flashi yenye nyimbo zote 14, nikaichomeka kwenye simu kwa kile kiwaya kifupi cha OTG. Simu ikasema haiwezi kuisoma, ikataka niifomati. Ningekubali, ingezifuta zote. Kosa lilikuwa langu: wiki iliyotangulia nilitaka kubebea video ndefu, mpangilio wa mafaili wa flashi, FAT32, ukakataa faili linalozidi GB 4, nikaibadilisha kuwa NTFS. Kompyuta ya Windows inaisoma bila shida, ila simu yangu haikuijua. Ningeiweka exFAT, hadithi ingeishia hapo.

Basi nikaanza kuokoteza. Bibi harusi alikuwa amenitumia nyimbo zake kwa WhatsApp mwezi mmoja kabla, na kwa bahati alizituma kama dokumenti, kwa hiyo zilikuwa bado zina majina yake ya awali kwenye folda ya `WhatsApp Documents`. Nikapata 10. Tatu za wakati wa chakula sikuzihangaikia. Wageni wakila, rumba yoyote ya taratibu inatosha, na simu yangu inazo. Ulibaki mmoja, na ndio uliokuwa mgumu: mchanganyiko wa wasimamizi wa bibi harusi, vipande vya nyimbo nne vilivyoungwa kwa dakika 3 na sekunde 40. Huo haupo kwenye mtandao wowote. Niliukata mwenyewe kwenye laptopu ile ile.

Lakini watu hawachezi wimbo wasioufanyia mazoezi. Nilimwendea msimamizi mkuu, aliyekuwa akiondoa vumbi kwenye gauni, nikamwuliza walikuwa wakifanyia mazoezi kwa simu ya nani. "Yangu, kaka." Faili lilikuwa la MB 8, kwa blutuuthi lilichukua karibu dakika moja, nami nimesimama kando yake kama mtu anayesubiri chenji.

Nyimbo zikiwa mkononi, nilizihamishia kwenye folda moja na kuzibandika namba mbele ya jina. Namba ziwe 01, 02, 03, si 1, 2, 3. Ukiandika kwa tarakimu moja, programu nyingi zitapanga 1, 10, 11, halafu ndipo 2, na bibi harusi ataingilia wimbo wa kukata keki. Kisha nilifungua VLC kupitia folda yenyewe. Ukienda kwenye orodha ya nyimbo inasoma maandishi yaliyofichwa ndani ya faili, na hayo hayajui ratiba yako.

Waya ndio ulionitoa jasho. Kwa haraka nilichukua waya wenye pini ndogo ya milimita 3.5, nikauvika kichwa kikubwa cha stirio, nikauchomeka kwenye tundu la laini moja ya kawaida. Nikavaa hedifoni, nikabonyeza PFL ili nisikie peke yangu. Besi ilikuwa imesinyaa, gitaa lipo kwa mbali, na mwimbaji hayupo kabisa. Kilikuwa kimebaki kivuli chake tu, ule mwangwi wa studio.

Simu haikuwa na ubaya. Tundu lile hupokea waya wa balansi: huchukua kinachokuja kwenye ncha ya pini na kukitoa kile kinachokuja kwenye pete yake, ili kelele zilizoingia njiani zijiue. Simu nayo hupeleka upande wa kushoto kwenye ncha na wa kulia kwenye pete. Sauti ya mwimbaji huwekwa katikati, yaani iko sawa pande zote mbili, na sawa ukitoa sawa hubaki sifuri. Dawa yake ni ule waya unaoanza na pini moja ndogo na kuishia na vichwa viwili, kila kimoja kwenye tundu lake la laini ya stirio. Nilikuwa nao tayari, umechomekwa kwenye laptopu iliyokuwa ikijitibu chini ya meza. Nikauchomoa.

Yaliyobaki yalikwenda upesi. `Airplane mode` nikaiwasha, la sivyo shangazi mtu atapiga simu katikati ya kukata keki, na mtandao wenyewe huleta ule mlio wa tr-tr-tr kwenye spika. Kengele za saa nikazizima, pamoja na kile kipengele cha kuokoa betri ambacho huua programu skrini ikilala. Chaji ilikuwa asilimia 38. Sikuchomeka chaja ya ukutani, kwa kuwa simu ikiungwa kwenye jenereta na miksa kwa pamoja mara nyingi spika huanza kuvuma, nilitumia pawabenki. Sauti ya simu nikaiacha karibu na mwisho, nyingine nikaongeza kwenye miksa.

Wimbo wa kuingilia bibi harusi ulikuwa na kinanda kirefu mwanzoni, na alitaka aanze kutembea sekunde ya 42. Nikauburuta hadi 0:42, nikausimamisha, feda, kile kitelezi cha sauti kwenye miksa, nikaishusha chini kabisa. Isukuti ilipopoa na MC aliponipungia mkono, nikabonyeza, nikapandisha feda polepole. Akatembea.

Sehemu moja niliteleza. Simu haijui kwamba mchungaji anataka kuomba. Wimbo wa 04 ulipoisha, 05 ukaanza wenyewe, ngoma mbili zikalia kabla sijaishusha feda. Mchungaji alifumbua jicho moja.

Jioni nikikunja waya niliinama chini ya meza. Laptopu ilikuwa imemaliza, inaomba neno la siri. Kijana wangu akachomoa ekstensheni ili aizungushe mkononi, nayo ikazimika tena pale pale.