Barua ya kurasa mbili kwa wakili: nilivyonunua kiwanja Vitongoji nikiwa London

Barua ya kwanza niliyomwandikia wakili ilikuwa na mistari mitatu: nimepata kiwanja Vitongoji, Pemba, bei milioni 24, tafadhali kikague na kama hakina tatizo nikamilishie. Alinijibu siku ya tatu: "Kiwanja ni safi, sheha anamjua muuzaji, tuma arubuni milioni 5."

Nilikaribia kutuma. Aliyenizuia ni mama, nilipompigia kumpa habari njema. Akaniuliza, "Mwanangu, kile si cha marehemu baba wa huyo anayekuuzia? Na wale watoto wa kike wa marehemu wamesemaje?"

Nilirudi kwa wakili nikamuuliza kuhusu hao watoto wa kike. Akasema muuzaji ndiye mkubwa wa familia na ndiye anayejulikana. Kweli sheha alikuwa anamjua. Lakini sheha kumjua mtu ni jambo moja, na mtu huyo kuwa na haki ya kuuza ni jambo jengine kabisa. Nilielewa pia kwamba kosa la mwanzo lilikuwa langu: nilimuuliza kama kuna tatizo, na mtu asiyetafuta tatizo halioni. Nikamlipa ada yake ya ukaguzi, nikatafuta wakili mwengine, mama mmoja wa Chake Chake, na safari hii nikaandika kurasa mbili.

Nilianza na mimi mwenyewe. Nina pasi ya Tanzania, nikaiambatanisha pamoja na cheti cha kuzaliwa cha Pemba. Hili si la kupita haraka kwa tulio nje. Sheria ya ardhi ya Zanzibar, Namba 12 ya 1992, inaiweka ardhi mikononi mwa Serikali, na anachopewa Mzanzibari ni haki ya matumizi. Aliyechukua uraia wa nchi nyengine hapiti mlango huo huo, kwa hiyo swali lake la kwanza kwa wakili liwe hilo, kabla ya kuuliza bei.

Kisha nikaandika sentensi ambayo naiona ndiyo iliyoniokoa: "Usiniandikie kuwa kiwanja ni safi. Niandikie umeona karatasi gani, ya tarehe gani, umeionea ofisi gani, na uniletee picha yake." Chini yake nikauliza asili ya ardhi. Ni urithi, ilinunuliwa, au ni eka tatu zile zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964? Eka tatu zilitolewa zilimwe, hazikutolewa zikatwe viwanja na kuuzwa, na ukinunua kipande chake unaweza kukaa na mkataba uliopigwa mihuri lakini usioweza kuusajili.

Jibu lilichukua wiki mbili, na lilikuwa na viambatanisho. Ardhi haikuwa eka tatu. Marehemu aliinunua mwenyewe, na hati yake ya zamani ya mauziano ilikuwepo. Lakini mirathi haikuwahi kugawiwa. Marehemu aliacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Wazazi wake walishatangulia na hakuacha deni. Wakili aliniandikia hesabu kwa mkono pembeni mwa barua: mke thumuni, kinachobaki ni sehemu saba kati ya nane, kila mwanamume sehemu mbili, kila mwanamke moja. Kwa hiyo muuzaji wangu, "mkubwa wa familia", alikuwa na sehemu mbili katika nane. Katika milioni 24, zake zilikuwa milioni 6. Zilizobaki 18 alikuwa anataka kuziuza bila ya kumuuliza mtu.

Sidhani kama alikuwa mwizi. Huko kwetu kaka mkubwa kuuza kwa niaba ya wote ni jambo la kawaida, na mara nyingi kila mtu hupata chake. Ila siku dada mmoja atakapodai, atadai ardhi, na ardhi nitakuwa ninayo mimi.

Barua yangu ilikuwa imeshaweka njia ya hali hiyo: hakuna senti itakayomfikia mtu mpaka ipatikane karatasi ya mgao wa mirathi, na kila mrithi asaini mkataba kama muuzaji. Kusaini kama shahidi hakutoshi, kwa sababu shahidi anasema tu kwamba ameona, hajatoa haki yake. Dada mmoja alikuwa Muscat. Alitoa hati ya uwakala kwenye ubalozi wetu kule, ikitaja kiwanja hiki tu, na hati yenyewe ya asili ikaletwa Pemba kwa mkono wa msafiri. Hapo tulisubiri wiki sita. Muuzaji alilalamika kuwa ana mnunuzi mwengine. Wakili akamjibu kwa upole, "Sheikh, huyo naye atahitaji saini hizi hizi."

Jambo la pili lilikuwa miti. Niliandika: "Nenda mwenyewe kiwanjani na sheha na majirani wa pande zote, mhesabu miti, na kila mti utajiwe mwenyewe." Wa nje tunasahau kwamba kwetu mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwengine. Walikuta minazi mitatu na mikarafuu minne. Picha ninayo: mama yangu yuko kando kashika mwavuli, na mzee mmoja jirani amegusa shina la mkarafuu kwa kiganja. Mikarafuu miwili ilikuwa yake, aliipanda zamani kwa ruhusa ya marehemu, na anaichuma kila msimu. Ningelijua hilo siku ya kuchimba msingi. Tulikubaliana bei ya miti ile miwili mbali na bei ya kiwanja, akaandikiwa mkataba wake na kulipwa mkononi mbele ya sheha, na mkataba mkubwa ukasema wazi "ardhi pamoja na miti yote iliyomo".

Kuhusu fedha nilikuwa mkali. Ziliingia akaunti ya wateja ya wakili, si yake binafsi wala ya ndugu yangu. Arubuni ilikuwa milioni 2, na iliandikwa kuwa itarudi yote endapo mrithi mmoja atakataa, kwani kwa mazoea mnunuzi akirudi nyuma arubuni humpotea. Siku ya kusaini, kila mrithi alilipwa fungu lake kwenye akaunti yake mwenyewe. Bibi mjane hakuwa na akaunti. Alifunguliwa wiki hiyo hiyo.

Upande wangu alisaini kaka. Hati yangu ya uwakala niliisaini mbele ya ubalozi London, nikaituma yenyewe kwa posta ya haraka. Ilimruhusu kusaini mkataba huu na fomu zake tu. Kuuza, kuweka rehani na kupokea fedha viliandikwa kuwa haviruhusiwi. Nampenda kaka yangu, na nilimsomea maneno hayo kwenye simu kabla ya kusaini. Alisema, "Weka hivyo hivyo, na mimi yananilinda."

Mkataba uliposainiwa, nilikuwa bado nimeshika nusu ya ada ya wakili, kwa makubaliano kwamba atalipwa baada ya maombi kupita Bodi ya Uhamisho wa Ardhi na uhamisho kusajiliwa. Ukawa muda mrefu kuliko nilivyodhani, lakini kila mwisho wa mwezi alinitumia picha ya stakabadhi au muhuri mpya. Hati zote za asili, pamoja na ile ya zamani ya marehemu, alimkabidhi mama kwa orodha, mama akaweka dole gumba, na orodha hiyo ikatumwa kwangu.