Barua Iliyosindikiza Kurasa Nane

Mzee mmoja mwenye kampuni ndogo ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, pale Moshi, alinipa brosha yake ya kurasa 16 niinyooshe lugha kabla haijaenda kwa mchapaji. Safari hiyo alikuwa anawatafuta Watanzania wenzake: watu wa maofisini, vikundi vya kanisa, wanachuo. Nikamrudishia kurasa nane, tena mpangilio umegeuka. Mtu akikupa kazi ya kunyoosha sentensi, ukamrudishia nusu, ana haki ya kuuliza nusu nyingine imekwenda wapi. Ndiyo maana barua ya kuisindikiza niliiandika kwa uangalifu mkubwa.

Sikuianza kwa kusema nimepunguza nini. Nilianza na daftari la simu la dada wa mapokezi, ambalo niliomba kulisoma kabla sijagusa kitu. Wapigaji walikuwa wanauliza mambo yaleyale: ni siku ngapi, ni shilingi ngapi na ndani yake kuna nini, nguo za baridi natoa wapi, nikishindwa njiani itakuwaje. Majibu yote yalikuwamo kwenye brosha, ila yalianzia ukurasa wa 11, baada ya salamu za mkurugenzi, historia ya kampuni na picha za magari. Nikamwandikia: “Shikamoo Mzee. Brosha mpya imefuata mpangilio wa maswali ya wateja wako. Siku na bei ziko ukurasa wa pili.”

Kisha nikamweleza zilikokwenda kurasa nyingi zaidi. Brosha ya zamani ilizipa njia tano, Marangu, Machame, Lemosho, Rongai na Umbwe, ukurasa mmoja mmoja. Kila ukurasa ulirudia safari ileile: msitu, vichaka, jangwa la mawe, barafu, kilele mita 5,895. Msomaji aliyemaliza zote tano alikuwa bado hajui achague ipi. Mimi maelezo ya mlima niliyaweka mara moja, chini yake nikachora jedwali lenye kile tu kinachotofautisha njia. Kwa mfano, Marangu unalala kwenye vibanda na unashuka ulikopandia. Machame unalala kwenye hema na unashukia Mweka. Kurasa tano zikawa moja, na hakuna njia iliyofutwa. Hilo la mwisho nililipigia mstari, kwa sababu nilijua ndilo litakalomtia wasiwasi.

Sehemu iliyonikosesha usingizi ni ya ugonjwa wa mwinuko. Ilikuwa imeandikwa mahali patatu, na nilipozikusanya aya hizo pamoja nikaona hazikubaliani. Moja ilisema mwenye kuumwa kichwa na kichefuchefu apumzike. Nyingine ilisema anywe maji, aendelee polepole. Ya tatu ilisema dalili zikizidi ashuke mara moja. Hapo sikutaka kuchagua kimyakimya kama mhariri wa sentensi, maana mtu anayepepesuka kama mlevi kule juu, au anayehema hali amekaa, akiambiwa apumzike tu anaweza kufa. Nikazinakili aya zote tatu ndani ya barua, nikaandika kwamba nimebakiza ya kushuka, na nikamwomba kiongozi wake mkuu wa wapanda mlima aisome na kuisahihisha kabla ya kuchapa.

Kuhusu gharama nilimweleza waziwazi asitarajie ankara ishuke kwa nusu, kwa sababu kava linabaki lilelile na kazi ya kuandaa mashine ya kuchapia haipungui. Nikaeleza pia kwa nini ni nane wala si kumi: kijitabu cha kubanwa pini katikati huenda kwa kurasa nne nne.

Mwisho wa barua niliweka orodha fupi ya vilivyotoka, na kila kimoja mahali kilipo sasa. Picha za magari zilikwenda kwenye tovuti. Salamu zake zikawa sentensi mbili nyuma ya kava. Kisa cha Luteni Alexander Nyirenda kupandisha bendera na Mwenge kileleni Desemba 1961 nilikitoa, nikaandika: “Hiki sina uhakika nacho. Uamuzi ni wako.”

Alinipigia simu kesho yake. Salamu zake hakuzigusia kabisa. “Binti yangu, Nyirenda mrudishe,” akasema. “Mtanzania anapanda kwa ajili ya hicho.” Alikuwa sahihi, na nilifurahi kwamba nilimwachia mlango. Nikakipa kisa hicho nafasi pembeni ya jedwali la njia.

Kiongozi wa wapanda mlima naye alirudisha ile aya ya ugonjwa ikiwa na nyongeza moja kwa kalamu: mgonjwa asishuke peke yake, hata kama anasema anajiweza. Tukaichapa hivyo, kwa herufi nene.