Jibu lenye tarakimu 34

Swali lilikuwa fupi: elektroni ya zinki huhitaji nishati ya angalau 4.3 eV ili ing'oke. Tafuta frikwensi ya kizingiti, yaani frikwensi ndogo kabisa ya mwanga inayoweza kuing'oa. Nikiwa kidato cha sita, niligawanya 4.3 kwa namba ya Planck, 6.63 × 10⁻³⁴, nikapata 6.5 × 10³³ Hz, nikapiga mstari chini yake na kuendelea kwa raha zangu.

Rafiki yangu wa bwenini alichungulia daftari akauliza, "Kwani mwanga wa kawaida una frikwensi ngapi?" Kama 5 × 10¹⁴. Nikanyamaza. Namba ya Planck hutumia jouli, nami nilikuwa nimeilisha eV, ambayo moja ni jouli 1.6 × 10⁻¹⁹ tu. Nikarudia: 4.3 × 1.6 × 10⁻¹⁹ ni 6.88 × 10⁻¹⁹ J. Ukigawanya kwa namba ya Planck unapata 1.04 × 10¹⁵ Hz, yaani urefu wa wimbi wa nanomita 290 hivi. Jicho letu huishia karibu na 400, kwa hiyo zinki inataka urujuanimno.

Hesabu ilikaa sawa, ila sikuiamini mpaka maabara. Tuliweka bamba la zinki juu ya elektroskopu, chombo chenye jani jembamba la metali linaloinuka kikiwa na chaji, tukalichaji hasi, jani likainuka. Tukawasha taa ya zebaki ya urujuanimno (usiitazame, inaumiza macho). Jani halikushuka! Kumbe bamba lilikuwa na utando wa oksaidi. Tulilisugua kwa msasa, tukalichaji upya, na safari hii jani likaanza kushuka: elektroni zilikuwa zinatoka. Mwalimu akapitisha kipande cha kioo cha dirisha kati ya taa na bamba: jani likasimama palepale. Kioo kilipitisha mwanga tunaouona na kuzuia urujuanimno mfupi. Tukaleta balbu kubwa ya kawaida, ikamulika hadi bamba likapata joto. Jani halikutikisika.

Hapo ndipo nilipokwama. Kama mwanga ungekuwa wimbi tu, balbu ile ingemwaga nishati kidogo kidogo mpaka elektroni itosheke. Niliuelewa mchezo nilipokumbuka kuangua maembe. Ukirusha gunia zima la mchele, punje moja moja, embe halianguki. Jiwe moja linatosha. Elektroni hupokea fotoni moja, yaani fungu moja la mwanga, kwa mpigo, na haiweki akiba ya zile ndogo. Einstein alilieleza hivyo mwaka 1905: mwanga huja kwa mafungu, na ukubwa wa kila fungu hutegemea frikwensi.

Siku hizi nikipewa swali kama hilo, kwanza napima fungu moja. Taa yetu ilikuwa na mwanga wa nanomita 254, sawa na 7.83 × 10⁻¹⁹ J kwa fotoni. Ondoa 6.88 × 10⁻¹⁹, inabaki 0.95 × 10⁻¹⁹ J, karibu 0.6 eV, ambayo ndiyo nishati ya mwendo ya elektroni iliyo kasi kuliko zote. Ukiongeza taa ya pili kama hiyo, elektroni zitatoka nyingi zaidi, lakini ile 0.6 itabaki vilevile.