Upepo unaondoa...

Leo nimesahihisha madaftari ya sayansi, darasa la tano, hapa Temeke.

Swali: kwa nini nguo hukauka haraka siku ya upepo?

Mmoja kaandika: "Kwa sababu upepo unaondoa..." Basi.

Mkono ulishaanza kuchora mkasi. Nikaona karatasi imefutwa kwa raba mpaka imetoboka. Kumbe wazo lipo, neno ndilo limekosekana.

Nikapigia mstari "upepo unaondoa", nikaweka vema, alama 1 kati ya 2. Chini nikauliza: "Unaondoa nini kilichoizunguka nguo?" Jibu sikumwandikia.

Mchana kanirudishia daftari: "...hewa yenye mvuke, maji mengine yapate nafasi ya kutoka."

Lile tundu kalizungushia duara dogo.

Walimu wenzangu, nyie huandika nini pale sentensi inapokatika?