Ni lazima, au unapenda tu?

Tangu Jumanne kuna swali limenikwama kooni kama mwiba wa changu. Wiki yenyewe ilikuwa na mambo yake: Rukia kapata leseni ya udereva, mwenye nyumba katuletea barua ya kupandisha kodi, na Mombasa shemeji kajifungua mtoto wa kiume. Yote nimeyapokea kwa nusu ya akili. Nusu ya pili imebaki kiwandani kwetu hapa Leicester, Uingereza, pale kwenye sinki za kunawia mikono, kabla ya kuingia laini ya sambusa.

Meneja mpya (yule niliyewaambia anatembea na ubao wa kuandikia hata chooni) alinitazama kichwani, akauliza, "Hiyo kofia, ni lazima kwenye dini yako, au unapenda tu?"

Nikamjibu, "Si faradhi."

"Basi unaweza kuivua." Akapangusa mikono, akaenda zake.

Nilisema kweli, na kweli yangu ndiyo iliyonifunga. Kila usiku namjibu upya. Mara namwambia kwamba babu yangu alizikwa hajawahi kuonekana barazani kichwa wazi. Mara namuuliza na yeye, pete yake ya ndoa ni lazima au anapenda tu? Pete ya ndoa isiyo na kito ndilo pambo pekee ambalo kanuni za kiwanda zinaliruhusu, na sijamsikia mtu akidaiwa aya.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba hakuuliza lile alilolipwa kuuliza. Kofia ya vito aliyonishonea Bi Khadija haijawahi kuingia kiwandani. Iko kabatini, inasubiri Ijumaa na Idi. Ya kazini ni ya pamba nyeupe, haina nakshi, inafuliwa kwa maji moto pamoja na makoti, na juu yake navaa neti inayofunika mpaka masikio. Angeuliza kama nyuzi zinachomoka, au inafuliwa na nani. Hayo yana majibu. Yeye akarukia kwa Mungu.

Hasira ikanipeleka kusoma. Mwaka 2013 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi ya Nadia Eweida, mfanyakazi wa British Airways aliyekatazwa kuonyesha msalaba wake mdogo shingoni. Alishinda. Mahakama ikasema mtu hahitaji kuthibitisha kuwa dini inamwamuru avae. Yatosha kuwe na uhusiano wa karibu na wa moja kwa moja kati ya anachovaa na imani yake. Lakini siku hiyohiyo, katika hukumu hiyohiyo, muuguzi Shirley Chaplin alishindwa. Naye alikuwa na msalaba, ila ulikuwa kwenye mkufu, na hospitali ilihofia mgonjwa aushike auvute, au uguse kidonda kilicho wazi. Msalaba kwa msalaba, majibu mawili. Kilichowatenganisha ni kazi ya mikono yao, wala si uzito wa imani zao.

Hapo nikamwelewa hata Mama Furaha wetu wa Bukavu, anayeuacha mkufu wake kabatini kila asubuhi bila kinyongo. "Ukianguka mu unga, mutoto wa mutu atakula Yesu," huniambia, halafu anacheka peke yake.

Sasa sikilizeni ya Alhamisi. Meneja alikuja na karatasi ya kubandika ukutani: BINDI MARUFUKU. Kwenye laini nzima bindi, ile nukta ya kwenye paji la uso, anavaa mtu mmoja tu, Mama Jinja, yule aliyekuja Leicester akiwa msichana mwaka 1972, Amin alipowapa Wahindi siku 90 waondoke Uganda. Kwa hiyo karatasi ile ingekuwa na jina lake kabisa isingekuwa na tofauti. Na nani alitumwa kumweleza? Mimi, mwenye kofia. Mkristo wa Kongo, Mhindi wa Jinja, Kalasinga wa Nakuru, wote wakiwa na shida ya mavazi naitwa mimi, sijui nilisomea wapi.

Nilimwomba meneja anipe dakika tano kwenye mashine ya kugundua chuma, ile iliyo mwisho wa mkanda. Mama Jinja akabandua bindi yake mwenyewe: kiduara chekundu cha mahameli kama kifungo cha shati la mtoto, nyuma kina gundi. Gundi ilikuwa imelainika, maana pale kwenye makaango mvuke haukatiki na jasho linateremka kwenye paji. Nikakiweka juu ya trei ya sambusa, nikapitisha. Mashine kimya. Kisha nikapitisha plasta ya bluu ya kiwandani, ambayo ndani ina kipande chembamba cha chuma ili mashine iigundue. Mkanda ukasimama papo hapo, taa ikawaka.

Mama Jinja akatazama mashine, akanitazama mimi. "Kumbe ni hivyo? Mbona hapana sema mapema? Mimi nilidhani yeye hapendi uso yangu."

Kesho yake alikuja na nukta aliyoipaka nyumbani kwa rangi ya maji inayokauka, haibanduki wala haipukutiki. Nilikuwa nimemtahadharisha juu ya unga mwekundu wa dukani, kwani mwingine uliwahi kupimwa ukakutwa na madini ya risasi, na hiyo haifai kukaribia chakula. Alinijibu kwamba yeye alishauacha kabla mimi sijazaliwa.

Meneja nilimshauri aandike hatari, aiache dini: "Hairuhusiwi kitu chochote cha kubandika mwilini ambacho mashine haikigundui." Akaandika. Ijumaa wasichana watatu wa zamu ya asubuhi wakarudishwa kubandua kope za bandia na kucha. Kelele zilizopigwa! Hao ndio waliokuwa wakinong'ona kwamba Mama Jinja anapendelewa. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya ndoo. Sikujua kama wiki hii bado ningeweza kucheka hivyo.

Kalasinga wetu, fundi wa mitambo, yeye alikuwa anatazama tu na kilemba chake. Akiingia kule wanakopanua chumba cha baridi, hadaiwi helmeti. Sheria ya 1989 iliwasamehe Masingasinga wenye vilemba kwenye maeneo ya ujenzi, na tangu 2015 msamaha umefika karibu kila mahali pa kazi. Ila aliniambia jambo ambalo wengi hawalijui: akiumia kichwa pale, fidia atakayopata ni ya yale majeraha ambayo yangempata hata kama angekuwa na helmeti. Yaliyobaki ni yake mwenyewe. "Uhuru wangu nimeulipia, bwana," akasema, akarudi kupaka grisi.

Mimi msamaha huo haunihusu na siuhitaji. Kofia yangu inaingia chini ya helmeti bila shida.

Jana kwenye ubao nimekuta mstari mpya: kifuniko cha nguo kiwe cha rangi moja, kifuliwe kiwandani, kikae chini ya neti. Ndiyo kofia yangu yenyewe hiyo. Hakuniambia neno, na lile swali la Jumanne hajalirudia wala hajalifuta. Mke wangu anasema nishukuru niache. Yeye hakuisikia ile sauti.

Haya, lingine. Mama anapasuliwa mtoto wa jicho Jumatano, na Salim, aliyeahidi kumpeleka, sasa ananiambia ana safari ya Lamu. Rukia anasema apelekwe na jirani. Jirani yupi? Yule mwenye tuktuk isiyo na breki? Kuanzia asubuhi napiga simu ya Mama, inaita tu.