Niliuza kanga kwa hasara, ami akanuna, duka likapumua

Ami yangu aliponiachia duka la nguo hapa Chake Chake, wasia wake ulikuwa mmoja: usiuze chini ya bei uliyonunulia. Kila mzee mwenye duka niliyemuuliza alinipa huohuo. Naandika haya kwa sababu wasia ule ulitaka kuniua na njaa.

Ami aliacha pea 40 za kanga za jina moja, alizozileta kwa ajili ya Idd. Kwa bei ya jumla Unguja pamoja na nauli ya boti mpaka Mkoani, kila pea ilimsimamia kama 10,000, akiuza 13,000. Idd ikapita, majina mapya yakaingia, mzigo ukalala. Kwa mwezi zilitoka pea mbili, labda tatu kukiwa na shughuli, mpaka zikabaki hizo 40.

Nikamwambia tushushe bei. Akakubali, lakini tusishuke chini ya 10,000, “irudi pesa yetu kwanza, mwanangu.” Nikazitundika mlangoni. Wanawake walikuja, wakaipapasa kanga, wakalisoma jina, wakatazamana. Mmoja akaniuliza, “Hii si ile ya Idd? Au imenyeshewa?” Akaikunjua mpaka pindo la mwisho akitafuta doa, asilione, akairudisha kwenye kamba na kwenda kununua jina jipya duka la jirani kwa 13,000! Mteja hajui ami alitoa kiasi gani, na hana haja ya kujua. Ile 10,000 ilikuwa hesabu yetu sisi wawili tu, na pesa yenyewe ilishazama tangu siku boti ilipong'oa nanga. Kilichobaki mkononi ni kanga ambazo leo zina bei ya leo.

Hapo nikapata akili, na nitajisifu kidogo. Kanga 40 za jina moja ni mzigo kwa mtu anayetaka kanga moja, lakini kwa anayetafuta sare ndizo hasa anazozihangaikia. Nikasikia kuna arusi mtaa wa pili, nikabeba pea moja ya mfano mpaka kwa mama wa biarusi. Akalisoma jina, akacheka, akasema linafaa. Kisha akanipa bei mbili: 7,000 kwa pea, taslimu leo, azichukue zote, au 9,000, nimsubiri mpaka baada ya vuno la karafuu, kama miezi mitatu.

Ami alitaka 9,000, maana iko karibu zaidi na ile 10,000 yake. Mimi nikafungua daftari. Kabla ya mzigo wa kanga kumeza mtaji, duka lilikuwa likileta shungi nyeupe za skuli. Tulizipata kwa 4,000 pamoja na nauli, tukauza 5,000, na mzigo wa shungi 70 ulikuwa ukiisha kwa kama mwezi mmoja. Tangu Idd tulikuwa hatuna pesa ya kuzileta, na watoto walikuwa wakirudishwa mlangoni.

Pea 40 kwa 7,000 ni 280,000, ambayo ni bei ya shungi 70 barabara. Faida yake ni 70,000 kwa mwezi. Kwa miezi mitatu ile ya kusubiri karafuu, 280,000 inakuwa 490,000. Mkopo alioutaka ami ungenipa 360,000, na hapo ni ikiwa karafuu zimezaa na deni limelipwa. Ile faida ya shungi ambayo ningeikosa kwa kusubiri ndiyo gharama ambayo ami hakuiandika popote, kwa kuwa haina risiti.

Nikauza kwa 7,000. Kwenye daftari ni hasara ya 120,000, na ami alinuna kweli.

Lakini usinisikie nikikwambia uza kila kitu hasara. Hesabu yangu ilisimama kwa sababu shungi zilikuwa na wateja wanaojulikana, na mwezi ulikuwa wa skuli. Kama ile 280,000 ingelala kwenye kijaluba, basi 9,000 za baada ya karafuu ndizo zingekuwa bora, maana pesa isiyo na kazi nyingine haikugharimu kitu ikisubiri. Hata shungi, mwezi wa likizo zilipungua kutoka, nikapunguza mzigo na kuongeza mabuibui.

Na bei ya kununulia sikuifuta. Haina kazi wakati wa kuuza mzigo uliolala, lakini ina kazi kubwa siku ya kuagiza mwingine: Idd iliyofuata nilileta kanga za majina manne, pea kumi kumi, na ami ndiye aliyekuja kuchagua majina.